Waliochanjwa, Waliokosa na Nyumba Zisizofikiwa: Namna ya Kusoma Taarifa ya Chanjo ya Nyumba kwa Nyumba

Mwezi Septemba 2023 timu za chanjo zilipita nyumba kwa nyumba katika mikoa 6 ya Tanzania, Katavi ikiwa mmojawapo pamoja na Rukwa, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe. Walengwa walikuwa watoto wote wenye umri chini ya miaka 8, na kila mmoja alipaswa kupewa matone 2 ya chanjo ya polio mdomoni. Sababu ya kampeni hiyo ilikuwa mtoto mmoja wa mkoani Rukwa aliyegundulika mwaka huo kuwa amepooza kwa kirusi cha polio aina ya pili. Nchi ilikuwa haijaona mgonjwa wa polio ya asili tangu mwaka 1996, na mwaka 2015 ilikuwa imepewa cheti cha kuthibitisha hali hiyo.

Wakazi wengi wa Mpanda na wilaya jirani wanaikumbuka kampeni hiyo kwa alama za chaki milangoni na wino katika kidole kidogo cha mkono wa kushoto cha watoto wao. Jambo ambalo wachache wamepata kulitafakari ni kile kinachofanyika jioni, wachanjaji wanaporudi katika zahanati au ofisi ya kata wakiwa na karatasi zao. Hapo ndipo kazi ya siku nzima hugeuzwa kuwa taarifa, na taarifa hiyo ndiyo huamua timu iende wapi kesho. Ikiandikwa vibaya, mtoto aliyekosa chanjo leo ataikosa na kesho, kwa kuwa hakuna atakayejua kwamba yupo.

Somo hili linaeleza namna taarifa hiyo inavyoundwa, mahali inapopotosha, na namna mkazi wa mtaa au kitongoji anavyoweza kuisoma inaposomwa mbele ya mkutano.

Makundi matatu, wala si mawili

Kazi yoyote inayofanywa kwa orodha ndefu, iwe nyumba za kutembelewa, kaya za kugawiwa mbolea au majina ya walengwa wa ruzuku, mara chache humalizika yote kwa ukamilifu, na mara chache hushindikana yote. Kwa kawaida sehemu hufanikiwa, sehemu hushindikana, na sehemu nyingine haiguswi kabisa kwa sababu muda uliisha, mvua ilinyesha au pikipiki iliharibika njiani.

Kosa la kawaida ni kuandika makundi mawili tu: waliochanjwa na wasiochanjwa. Mtu anayesoma taarifa ya namna hiyo hawezi kujua kama wasiochanjwa ni watoto waliotafutwa wakakosekana au ni watoto ambao hakuna mtu aliyebisha hodi mlangoni kwao. Tofauti hiyo ina uzito kwa sababu dawa ya tatizo la kwanza haitibu la pili.

Mtoto aliyekuwa shambani na mama yake hupatikana jioni, au alfajiri kabla ya familia kuondoka. Hapo timu inatakiwa kubadili saa, wala haihitaji kuongeza watu. Mzazi aliyekataa hahitaji timu ileile irudi kumsukuma. Anahitaji mtu anayemwamini, kama vile mwenyekiti wa kitongoji, kiongozi wa dini au mama jirani ambaye watoto wake walichanjwa na wakabaki wazima. Nyumba ambayo haikufikiwa haihitaji ushawishi wa aina yoyote. Inahitaji usafiri, mtu anayeijua njia, na chupa za chanjo zenye ubaridi.

Makundi haya yakichanganywa huzaa kichekesho chenye madhara. Kitongoji kilicho ng'ambo ya mto huandikwa kuwa "hakikuchanjwa", msomaji wa ofisini hudhani wakazi wake wamegoma, na kesho yake hutumwa viongozi kwenda kuwahimiza watu ambao hawakukataa kitu. Wakazi huwasikiliza kwa adabu, huuliza chanjo iko wapi, na huambiwa kwamba wataalamu watakuja siku nyingine.

Karatasi huona nini na haioni nini

Mchanjaji hutembea na karatasi ya kuhesabia. Kila mtoto anapopewa matone, alama moja huwekwa katika safu ya umri wake. Pale mtoto anayelala katika nyumba hiyo anapokuwa hayupo, au mzazi anapokataa, nyumba huandikwa nyuma ya karatasi pamoja na sababu, ili ifuatiliwe. Mlangoni huandikwa kwa chaki tarehe, namba ya timu na idadi ya watoto waliochanjwa kati ya watoto wa nyumba hiyo, na mara nyingi huchorwa mshale unaoonesha upande ambako timu imeelekea. Namna ya alama hutofautiana kidogo kutoka kampeni moja hadi nyingine, lakini habari inayobebwa ni ileile.

Utaratibu huu ni mzuri, ila una upofu mmoja. Mtoto aliyechanjwa huacha alama kwenye karatasi, na mtoto aliyekosekana huacha mstari wenye jina la kaya na sababu. Nyumba ambayo timu haikufika haiachi kitu chochote: haina alama, haina mstari, wala haina sababu. Mtu akiikusanya karatasi hiyo na kuijumlisha kwa uangalifu wote, bila kosa hata moja la hesabu, nyumba hiyo haitaonekana popote.

Ndiyo maana kundi la tatu haliwezi kupatikana kwa kuhoji karatasi ya kazi peke yake. Hupatikana kwa kuilinganisha karatasi hiyo na orodha nyingine iliyoandaliwa kabla ya kampeni kuanza, yaani mpango wa eneo: ramani ya mkono ya kitongoji, majina ya mabalozi na idadi ya nyumba zao, na mgawanyo wa nyumba kwa kila siku. Nyumba iliyomo katika orodha ya kwanza na isiyo na dalili yoyote katika ya pili ndiyo ambayo haikufikiwa. Pasipo orodha ya kwanza, kundi la tatu halipo kimaandishi, hata kama kwa uhalisia lina watoto 50.

Kitongoji cha mfano

Ili jambo hili lionekane wazi, tuchukue kitongoji cha kubuni katika mazingira ya Katavi: nyumba nyingi ziko kando ya barabara, na chache zimetawanyika ng'ambo ya mto, ambako wafugaji wamejenga karibu na malisho. Takwimu zinazofuata ni za mfano tu.

Mpango una nyumba 140, na timu moja imepewa siku 4, nyumba 35 kwa siku. Siku ya kwanza na ya pili timu inazitembelea zote 35. Siku ya tatu mvua inanyesha kuanzia saa saba mchana, na timu inaishia nyumba 22. Siku ya nne kuna nyumba 35 za siku hiyo na 13 za kiporo, jumla 48. Timu inafika nyumba 27 jua likazama. Kwa siku zote 4 nyumba zilizotembelewa ni 119, na 21 hazikufikiwa.

Katika zile nyumba 119, watoto walioorodheshwa ni 292. Waliochanjwa ni 268. Waliobaki ni 24: watoto 18 hawakuwepo nyumbani, 5 wazazi wao walikataa, na 1 hakupewa kwa sababu alikuwa na mafua.

Sasa msimamizi anaandika taarifa. Akigawanya 268 kwa 292 anapata karibu asilimia 92. Takwimu hiyo ni ya kweli kabisa, lakini ni ya kweli kwa nyumba ambazo timu iliingia. Haina neno lolote kuhusu nyumba 21.

Msimamizi mwingine anaweza kutumia makadirio yaliyoletwa kutoka ngazi ya juu. Tuseme makadirio hayo yanasema kitongoji kina walengwa 250. Akigawanya 268 kwa 250 anapata asilimia 107, na taarifa yake huenda ikapigiwa makofi. Hesabu ya zaidi ya asilimia 100 si ajabu katika kampeni za chanjo, na chanzo chake huwa makadirio yaliyopitwa na wakati. Mkoa wa Katavi ulihesabiwa kuwa na watu 1,152,958 katika sensa ya mwaka 2022, na ni mkoa ambao watu huhamia kwa kilimo, mifugo na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Idadi ya watoto wa kitongoji kimoja yaweza kubadilika sana ndani ya misimu miwili. Asilimia 107 haimaanishi kwamba kila mtoto amepata na wengine wamepata zaidi. Inamaanisha kwamba namba ya chini ya mstari ni ndogo kuliko watoto waliopo, na kwa hiyo kiwango cha kweli hakijulikani.

Msimamizi wa tatu anafungua mpango wa eneo. Anaona nyumba 21 zisizo na alama. Nyumba zilizotembelewa zilikuwa na wastani wa watoto 2.45 kila moja, hivyo nyumba 21 zaweza kuwa na watoto kama 51. Anaandika: waliochanjwa 268, waliotafutwa wakakosa 24, kwa sababu zilizotajwa, ambao hawakufikiwa wanakadiriwa kuwa 51, katika nyumba 21 zilizo ng'ambo ya mto, majina ya mabalozi yameambatishwa. Kiwango chake kinashuka hadi asilimia 78.

Taarifa zote tatu zinatokana na kazi ileile na karatasi zilezile. Ya tatu ndiyo yenye takwimu mbaya kuliko zote, na ndiyo pekee inayoonesha kwamba katika kila watoto 3 waliokosa chanjo, 2 ni wale ambao hakuna aliyewaendea.

Mahali waliko waliokosa

Mtu anaweza kuuliza kama watoto 51 ni wengi kiasi cha kufanya tofauti, ikiwa 268 wamekwisha kupata kinga. Jibu liko katika mahali wanapoishi. Watoto 24 waliokosekana nyumbani au waliokataliwa na wazazi wametawanyika, kila mmoja amezungukwa na majirani waliochanjwa. Watoto 51 wasiofikiwa wako pamoja, wanacheza pamoja, wanakunywa maji ya mto mmoja, na mara nyingi wanatumia vichaka vilevile kwa kukosa vyoo. Kirusi cha polio hutoka na kinyesi na kuingia kwa mdomo. Kikipata kundi la namna hiyo hakina haja ya watoto wengine.

Kirusi kilichompata mtoto wa Rukwa kina historia inayohusiana moja kwa moja na jambo hili. Chanjo ya matone ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtoto aliyechanjwa hukitoa kwa wiki kadhaa, na mahali ambapo watoto wengi wamechanjwa hakifiki mbali. Mahali ambapo watoto wengi hawana kinga, kirusi hicho kinaweza kupita kutoka kwa mtoto hadi mtoto kwa muda mrefu, kikibadilika kidogo kidogo, hadi kinarudisha uwezo wa kupoozesha. Ugonjwa wa namna hii huota katika maeneo yaleyale ambayo kampeni zilizotangulia ziliyaruka. Kinga yake ni kuwachanja waliorukwa, wala haitokani na kusimamisha chanjo.

Aina ya pili ilikuwa na hatari ya ziada. Mwezi Aprili 2016 nchi zote zilizokuwa zikitumia chanjo ya matone ziliiondoa aina hiyo katika matone ya kawaida ya kliniki. Watoto karibu wote waliokuwa chini ya miaka 8 mwaka 2023 walizaliwa baada ya hapo, na hivyo walikuwa hawajawahi kupewa matone ya aina ya pili. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kirusi cha aina hiyo kilikuwa kimesumbua kwa miaka kadhaa, na mitumbwi haikomi kuvuka kati ya pwani hizo mbili. Chanjo iliyotumiwa mwaka 2023 ni ya aina mpya, iliyotengenezwa ili kirusi chake kiwe kigumu zaidi kubadilika, lakini nayo hutegemea kuwafikia watoto waliokusanyika mahali pamoja bila kinga.

Chupa huhesabiwa vizuri kuliko nyumba

Wachanjaji wenyewe wanaifahamu vema hesabu ya makundi matatu, kwani huifanya kila jioni kwa chupa za chanjo. Chupa moja ina dozi 50. Asubuhi timu hupokea idadi maalumu ya chupa katika kibebeo chenye barafu, na jioni hurudisha zote, zilizo tupu na zilizo nzima. Kwa chanjo ya aina ya pili utaratibu huu ni mkali, kwa sababu kirusi chake hakitakiwi kubaki mitaani baada ya kampeni. Hesabu huwa hivi: chupa zilizofunguliwa na kutumika, chupa zilizoharibika, na chupa ambazo hazikufunguliwa. Jumla ya makundi hayo isipolingana na chupa zilizotolewa asubuhi, mtu hatakiwi kulala mpaka iliyopungua ipatikane.

Chupa iliyoharibika hutambulika hata bila kufunguliwa. Juu yake kuna duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba huwa mweupe chanjo ikiwa nzima, na hugeuka rangi taratibu kadiri joto linavyoipata. Ukifikia rangi ya duara au ukawa mweusi zaidi, chupa hiyo haitumiki tena. Hakuna anayeiandika chupa ya namna hiyo pamoja na chupa ambazo hazikufunguliwa, ingawa kwa macho ya haraka zote mbili zina maji yaleyale na vizibo vilevile. Kila mtu anajua kwamba moja itatupwa kwa utaratibu na nyingine itatumika kesho.

Ni vigumu kusema kwa nini nidhamu hiyo haikuhamia moja kwa moja kwenye nyumba. Huenda ni kwa sababu chupa inayokosekana ni ya mtu aliyeisainia, ilhali nyumba iliyorukwa haina mwenye saini.

Hata hivyo chupa husaidia kuzikagua nyumba. Timu inayoripoti watoto 268 ikiwa imetumia chupa 5 tu, yaani dozi 250, imeandika watoto ambao haikuwapa. Timu iliyotumia chupa 9 kwa watoto haohao imemwaga dozi nyingi kupita kiasi, au imechanja watoto ambao haikuwaandika. Chupa 6, yenye ya mwisho ikibaki na matone, ni jambo la kutarajiwa.

Asiyejulikana

Kuna mtoto ambaye haingii katika kundi lolote kati ya hayo matatu. Mama anasema amechanjwa na bibi yake jana sokoni, kidole hakina wino, karatasi ya jana haina jina lake. Pengine wino ulifutika katika mchanga na sabuni, pengine mama amechanganya na chanjo ya surua ya mwezi uliopita.

Katika chanjo ya polio ya matone uamuzi ni mwepesi: mtoto asiyejulikana huhesabiwa kuwa hajapata, na hupewa. Dozi ya ziada haimdhuru. Kwa sababu hiyo, timu inayorudi katika nyumba zenye shaka haina hasara zaidi ya muda wake.

Si kila kazi ya orodha inayoruhusu wepesi huo. Kaya ambayo haijulikani kama ililipwa ruzuku, ikilipwa tena bila kuhakikiwa, imekula sehemu ya kaya nyingine. Huko, asiyejulikana hubaki katika safu yake mwenyewe hadi kumbukumbu za malipo zikaguliwe. Kuna sababu ya kutomsogeza upande wowote: akiwekwa kwa waliolipwa aweza kudhulumiwa, na akiwekwa kwa wasiolipwa aweza kulipwa mara mbili.

Yule mtoto mwenye mafua katika mfano wetu naye ana somo lake. Aliandikwa kuwa hakuchanjwa kwa ugonjwa, na sababu ilipoandikwa waziwazi msimamizi aliona kwamba haikuwa sababu ya kweli, kwani mafua ya kawaida hayazuii matone ya polio. Kama angeandikwa tu "hakuchanjwa", kosa hilo la mchanjaji lisingeonekana na lingeendelea nyumba nyingine.

Siku ya tano

Turudi katika kitongoji. Taarifa ya tatu ilipofika, timu iligawanywa. Wawili walivuka mto asubuhi na balozi wa ng'ambo, wakiwa na chupa mpya, na mmoja alibaki kufuatilia nyumba za upande wa huku kuanzia saa kumi na moja jioni, watu waliporudi mashambani.

Ng'ambo ya mto walikuta nyumba 23, mbili zaidi ya mpango, zilizojengwa baada ya ramani kuchorwa. Watoto walikuwa 66, wengi kuliko makadirio ya 51, kwa kuwa familia za huko ni kubwa kuliko wastani wa barabarani. Walichanja 60, wavulana 6 walikuwa machungani na mifugo. Upande wa huku, kati ya 18 waliokuwa hawapo walipatikana 14. Kati ya 5 waliokataliwa, 3 walichanjwa baada ya mwenyekiti kuzungumza na baba yao. Mtoto wa mafua alipewa matone yake.

Taarifa ya mwisho ilisomeka hivi: watoto waliofahamika 358, waliochanjwa 346, sawa na asilimia 97, waliotafutwa wakakosa 12, ambao ni 6 wa machungani, 4 waliosafiri na 2 ambao wazazi wao bado hawajaridhia, nyumba ambazo hazikufikiwa, hakuna. Neno "hakuna" liliandikwa. Safu hiyo ikiachwa wazi, msomaji hawezi kujua kama maana yake ni kwamba nyumba zote zilifikiwa, au kwamba hakuna aliyeangalia.

Baada ya kampeni huja wakaguzi wa nje. Njia moja inayotumika duniani ni kuchagua watoto 60 katika eneo, vikundi 6 vya watoto 10, na kuangalia vidole vyao. Wakipatikana wasiochanjwa wasiozidi 3, eneo huchukuliwa kuwa limefikia asilimia 90. Wakizidi, kazi hurudiwa. Ukaguzi huo ni mwepesi na wa haraka, lakini nao huanza kwa kuchagua vijiji na vitongoji katika orodha. Nyumba 2 za ng'ambo ambazo hazikuwamo katika ramani zingeweza kumponyoka mkaguzi kama zilivyoiponyoka timu, isipokuwa mtu wa huko aseme.

Anachoweza kufanya mkazi

Orodha ya kwanza, ile ya kabla ya kampeni, haitengenezwi mkoani. Hutengenezwa na mtendaji wa mtaa au kijiji akisaidiwa na wenyeviti wa vitongoji, mabalozi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Kaya iliyohamia baada ya mavuno, kambi ya wachimbaji, dago la wavuvi upande wa Karema au Ikola, na boma jipya la wafugaji huingia katika orodha hiyo pale tu mwenyeji anapozitaja. Wakati wa kuzitaja ni wiki moja au mbili kabla ya kampeni, mpango unapopitiwa.

Wakati wa kampeni, mzazi anayekwenda shambani na mtoto anaweza kumwachia jirani ujumbe wa saa atakayorudi, na jirani akaueleza kwa timu. Taarifa hiyo ndogo huiondoa kaya katika hali ya "hawapo" na kuipatia saa ya kufuatiliwa.

Taarifa inaposomwa katika mkutano wa mtaa au kijiji, mwananchi ana haki ya kuuliza maswali mawili mafupi. La kwanza: asilimia hii imegawanywa kwa watoto gani, waliohesabiwa nyumbani au waliokadiriwa? La pili: ni nyumba zipi hazikufikiwa, na ziko upande gani? Msimamizi mwenye karatasi na ramani atayajibu palepale.

Na jioni ya siku ya mwisho, mkazi ambaye mlango wake hauna chaki, wala mlango wa jirani yake, asisubiri. Amwarifu balozi au mwenyekiti wa kitongoji usiku huohuo, akitaja idadi ya nyumba na mahali njia inapoanzia, kwa sababu asubuhi chupa zilizobaki huanza kurudishwa wilayani.